Maelezo ya Tangazo la Tawi Jipya la Bekari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wenye bekari, pamoja na wafanyakazi wao wanaopewa kazi ya kuandika maneno yanayokwenda chini ya picha pale tawi jipya linapofunguliwa. Mfano tutakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni wa bekari ya Dar es Salaam yenye duka Kariakoo, ambayo inafungua tawi la pili Sinza Mori, kando ya Barabara ya Shekilango. Bei, idadi na tarehe zilizomo ni za mfano tu, na kila mmoja atazibadilisha kulingana na hesabu za duka lake.

Maelezo yaanze na neno gani?

Yaanze na mahali na siku. Waandishi wengi hufungua kwa salamu ndefu, wakawashukuru wateja kwa kuwa pamoja nao miaka yote, wakaeleza furaha waliyo nayo, na mpaka wanapofika kwenye jina la mtaa msomaji amekwisha kupita. Kwenye Instagram hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu maelezo yanaweza kufika herufi 2,200, lakini zinazoonekana kabla ya msomaji kubonyeza ili asome zaidi ni takriban herufi 125 tu, nafasi zikihesabiwa. Kila kilicho nyuma ya mpaka huo husomwa na aliyekwisha kuvutiwa.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ibebe mambo matatu, yaani wapi, lini, na mteja atapata nini. Mfano wetu unasomeka hivi: "Tawi letu jipya Sinza Mori linafunguliwa Jumamosi 6 Juni 2026, saa 12:00 asubuhi. Nunua mikate 2, upate skonzi 2 bure." Maneno hayo yote yana herufi 118, kwa hiyo yanaonekana yakiwa kamili hata kwa mtu ambaye hatabonyeza chochote. Shukrani na salamu zina nafasi yake, nayo ni mwishoni.

Je, inatosha kusema "tumefungua Sinza"?

Haitoshi, na kuna kosa jingine la karibu na hilo ambalo hugharimu zaidi. Mteja wa Kariakoo anayesoma "sasa tunapatikana Sinza" anaweza kuelewa kwamba duka lake la kila siku limehama. Neno "sasa" ndilo linalompotosha. Andika wazi kwamba duka la zamani linaendelea na kazi pale pale na kwa saa zile zile, kisha useme kama ofa inatolewa kwenye matawi yote mawili au kwenye jipya peke yake. Usipolisema hilo, asubuhi ya kwanza mhudumu wa Kariakoo atadaiwa skonzi ambazo hakuambiwa habari zake.

Anwani iandikwe vipi ili mtu afike bila kupiga simu?

Tanzania ina mfumo wa anwani za makazi na postikodi, na baada ya operesheni ya mwaka 2022 mitaa mingi ilipata vibao vya majina na nyumba zikapewa namba. Kama jengo lako lina namba, iandike pamoja na jina la barabara, kwa kuwa dereva wa bodaboda anayeleta oda na mteja anayetumia ramani kwenye simu watazitumia. Postikodi haidhuru kuiandika, ila usiitegemee kumwelekeza mteja, kwa sababu tarakimu zake 5 humfikisha mtu kwenye kata, na kata moja ina mitaa mingi.

Hata hivyo, mtu anayeshuka kwenye daladala haangalii namba ya nyumba kwanza. Yeye anataka kujua ashuke kituo gani, aelekee wapi, na ataona nini. Utaratibu unaofaa ni kuanza na kituo, kisha upande wa barabara, kisha alama isiyohama. Upande ni lazima uelezwe kwa kutaja mtu anatokea wapi, kwa maana "mkono wa kushoto" pekee yake haina maana kwenye barabara ya njia mbili. Anayetoka Bamaga kuelekea Ubungo na anayetoka Ubungo kuelekea Bamaga kila mmoja ana kushoto kwake. Ukiandika "kama unatokea Bamaga, duka liko mkono wa kushoto, hatua chache baada ya kituo cha Sinza Mori", wote wawili wataelewa, kwa kuwa wa upande wa pili atageuza mwenyewe.

Alama uchague kwa uangalifu. Msikiti, kanisa, shule, kituo cha mafuta na benki hudumu miaka mingi. Kibanda cha chipsi, banda la miamala ya simu, au duka la mtu mwingine lililopanga fremu jirani vinaweza kuondoka mwezi ujao, na tangazo lako litabaki likiwapeleka watu pasipo kitu. Mimi hupendelea pia kutaja rangi ya mlango au ya kibao cha duka lenyewe, kwa sababu hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho jicho hutafuta.

Lokesheni ya kwenye ramani iwekwe, lakini jaribu kwanza. Mpe simu mtu asiyelijua duka, asimame kituoni, aifuate hadi mwisho. Pini ikimfikisha kwenye uchochoro wa nyuma ya jengo, irekebishe kabla ya kutangaza. Kumbuka pia kwamba kiungo kilichoandikwa ndani ya maelezo ya Instagram hakibonyezeki, kwa hiyo kiweke kwenye wasifu wa akaunti na useme kipo huko, ilhali kwenye WhatsApp na Facebook kinabonyezeka kama kawaida.

Saa za kazi ziandikwe kwa saa za Kiswahili au kwa zile zinazoonekana kwenye simu?

Kwenye maelezo yanayosomwa na Waswahili, andika saa za Kiswahili, na kila saa ifuatwe na kipindi chake cha siku. "Saa 12:00 asubuhi hadi saa 3:00 usiku" haina utata wowote. "Saa 12 hadi saa 3" ina utata mwingi, kwani mmoja atafikiri mnafunga saa 3 asubuhi baada ya kuuza mikate ya chai, na mwingine atafikiri mnafungua jioni. Kama wateja wako ni pamoja na wageni wanaosoma saa kwa namna nyingine, ongeza 06:00–21:00 kwenye mstari huo huo, na uzingatie kwamba lile sifuri la mbele ndilo linaloonyesha kuwa hiyo si saa 6 ya Kiswahili.

Hatari kubwa iko kwenye sehemu ambazo si maandishi bali ni vijisanduku vya kujaza, kwa mfano wasifu wa biashara kwenye Google, Facebook au WhatsApp. Vijisanduku hivyo havijui saa za Kiswahili. Mtu akiambiwa duka linafunguliwa saa 12 asubuhi na akajaza 12:00, Google itawaambia watu kwamba duka linafunguliwa saa sita mchana, na asubuhi nzima jina lako litaonekana likiwa na alama ya kwamba mmefunga. Dalili ya kosa hili ni kwamba wateja wanaofika asubuhi ni wale wapita njia tu, huku wanaopiga simu wakiuliza mbona mnachelewa kufungua. Ili kulitambua, fungua ramani kwenye simu ambayo haijaingia kwenye akaunti ya duka, saa 1 asubuhi, uone imeandikwa nini.

Tawi jipya lifunguliwe wasifu wake wenyewe kwenye ramani. Ukibadilisha anwani kwenye wasifu wa duka la Kariakoo na kuandika Sinza, utakuwa umelihamisha duka la kwanza mbele ya macho ya wateja wake.

Siku za sikukuu usiziahidi kwa jumla. Idi hutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo sentensi salama ni kwamba saa za sikukuu zitatangazwa siku moja kabla. Na kama uzinduzi unaangukia Ramadhani, saa zote zifikiriwe upya, kwa sababu katika mitaa yenye wafungaji wengi biashara ya mkate huhamia alasiri, kabla ya futari, na tena usiku kwa ajili ya daku.

Tunaweza kuahidi mkate wa moto kuanzia saa ya kufungua?

Hapa ndipo mwandishi wa maelezo anapopaswa kwenda kukaa na mwokaji kabla hajagusa simu yake. Saa ya kufungua mlango na saa ya mkate kutoka kwenye oveni ni mambo mawili tofauti, na mteja aliyesoma "mkate wa moto kuanzia saa 12" atafika saa 12 akitaka mkate wa moto.

Tuchukue mkate wa kawaida wa boksi. Kukanda unga, kuuacha uumuke, kuukata na kuuweka kwenye vyombo, kuuacha uumuke mara ya pili, na kuuoka kwa karibu nusu saa, jumla yake ni kama saa tatu, kwa hamira na joto la kawaida la Dar es Salaam. Ili mkate utoke saa 12:00 asubuhi, ukandaji uanze saa 9 usiku. Ila mkate huo hauwezi kukatwa slesi wakati huo huo. Ukiukata ungali moto, kisu huburuta sehemu laini ya ndani, slesi zinajikunja, na ukiufunga kwenye mfuko mvuke unageuka kuwa matone ndani ya nailoni, na matone hayo ndiyo yanayoleta ukungu mapema. Unahitaji kupoa kwa saa moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo anayetaka mkate wa slesi uwe rafuni saa 12:00 asubuhi lazima autoe kwenye oveni saa 10 alfajiri, na kuukanda kuanzia saa 7 usiku.

Ukisikia hesabu hiyo, utaona kwamba sentensi iliyo kweli kwa tawi letu la mfano ni hii: "Mkate wa slesi unapatikana tangu tunapofungua; skonzi za moto hutoka saa 1:00 asubuhi na saa 11:00 jioni." Skonzi ni ndogo, huiva haraka na haihitaji kukatwa, ndiyo maana ndiyo inayofaa kuahidiwa ikiwa ya moto. Kama tawi jipya halina oveni na mikate inaletwa kwa gari kutoka Kariakoo, usiandike kwamba inaokwa hapo hapo. Andika kwamba inaletwa asubuhi na jioni. Hakuna aibu yoyote katika hilo, na mteja anayeona gari likishusha trei mlangoni hatajiona amedanganywa.

Ofa ya uzinduzi ichaguliwe vipi?

Ichaguliwe kwa kalamu na karatasi. Tuseme mkate unauzwa shilingi 2,000, na unga, hamira, mafuta, sukari, mfuko na gesi vinagharimu shilingi 1,300 kwa mkate mmoja. Zinabaki 700 za kulipia pango, mishahara na faida.

Ofa inayopendwa na wengi ni "nunua miwili, upate wa tatu bure". Mteja analipa 4,000, na mikate mitatu imekugharimu 3,900. Umebakiwa na shilingi 100 kwa mikate mitatu, na hapo hujalipa mtu. Sasa chukua ofa nyingine, ambapo anayenunua mikate miwili anapewa skonzi mbili, na kila skonzi inakugharimu shilingi 200. Mteja analipa 4,000 zile zile, gharama ya vitu ni 2,600 za mikate na 400 za skonzi, na unabaki na 1,000. Badala ya 1,400 za kawaida umepoteza 400 tu, na mteja ameondoka na kitu ambacho pengine hakuwahi kukionja kwako. Kwa tawi jipya naipendelea hii ya pili kwa moyo wote, kwa sababu mkate wa tatu humfanya mteja asirudi kesho, ilhali skonzi aliyoipenda humrudisha.

Kisha hesabu uwezo wa oveni. Kama oveni inapakia mikate 60 kwa mara moja na mnaoka mara mbili kwa ajili ya asubuhi, mna mikate 120. Ofa 30 za asubuhi zitakula mikate 60, na 60 itabaki kwa mtu anayetaka mmoja wake wa chai. Ofa zikiwa 60 asubuhi hiyo hiyo, atakayefika baadaye bila habari ya ofa atakuta rafu tupu, naye ndiye jirani uliyemfungulia duka. Ni vizuri kuzigawa ofa 60 za siku, 30 asubuhi na 30 kuanzia saa 11:00 jioni mikate ya jioni inapotoka, kwa kuwa mfanyakazi anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni naye ni mteja. Kwa siku saba zitakuwa ofa 420, yaani skonzi 840 zenye gharama ya shilingi 168,000. Kiasi hicho kijulikane na mwenye duka kabla tangazo halijatoka.

Masharti ya ofa yaandikwe kwa urefu gani?

Yaandikwe yote, lakini kwa sentensi mbili. Mteja anahitaji kujua ofa inaanza na kuisha lini, inahusu bidhaa ipi, ni ngapi kwa siku, mtu mmoja anaruhusiwa mara ngapi, na kwenye tawi lipi. Tarehe iandikwe kwa siku na namba, kamwe isiwe "kuanzia kesho" au "wiki hii tu", kwa sababu tangazo linalosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp linaweza kusomwa siku kumi baadaye, na kesho ya msomaji si kesho yako. Hakikisha pia kwamba siku na tarehe vinakubaliana kwenye kalenda.

Maneno "hadi stoku itakapoisha" peke yake hayatoshi, maana mteja hawezi kujua stoku ni kiasi gani. Idadi ikitajwa, na mlangoni wakagawiwa kadi zenye namba kuanzia 1 hadi 30, hakuna atakayesimama kwenye foleni nusu saa ili aambiwe zimeisha. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza matangazo ya kupotosha, pamoja na kutangaza bei ya kuvutia kwa bidhaa ambayo muuzaji hana nia ya kuiuza kwa kiasi cha kuridhisha. Ofa ya skonzi haijawa ndogo kiasi cha kuwa nje ya sheria hiyo.

Tunaweza kuchezesha droo ya keki badala ya ofa?

Hilo ni jambo jingine. Zawadi inayopatikana kwa kubahatisha iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hivyo wasiliana nayo kabla ya kutangaza. Ofa ambayo kila mnunuzi anaipata si ya kubahatisha, kwa hiyo haina ulazima huo.

Namba ya kulipia kwa simu iwekwe kwenye maelezo?

Nashauri isiwekwe. Matapeli hunakili tangazo zima, wakabadilisha namba, wakalirusha upya wakipokea malipo ya oda. Lipa namba ibaki kaunta, ikiwa na jina la biashara ambalo mteja ataliona kwenye simu yake kabla ya kuthibitisha. Kwenye maelezo weka namba moja tu ya mawasiliano, ile itakayopokelewa na mtu aliyeko tawi jipya, si ya mwenye duka aliyeko safarini.

Maelezo kamili yanaonekanaje?

Haya hapa, yakiwa yamekusanya yote tuliyojadili:

"Tawi letu jipya Sinza Mori linafunguliwa Jumamosi 6 Juni 2026, saa 12:00 asubuhi. Nunua mikate 2, upate skonzi 2 bure.

Tupo Barabara ya Shekilango. Kama unatokea Bamaga, duka liko mkono wa kushoto, hatua chache baada ya kituo cha daladala cha Sinza Mori, lenye mlango wa kijani. Lokesheni ipo kwenye wasifu wetu.

Tunafungua kila siku, saa 12:00 asubuhi hadi saa 3:00 usiku (06:00–21:00). Mkate wa slesi unapatikana tangu tunapofungua. Skonzi za moto hutoka saa 1:00 asubuhi na saa 11:00 jioni.

Ofa ni ya tawi la Sinza Mori pekee, kuanzia Jumamosi 6 hadi Ijumaa 12 Juni 2026. Kila siku kuna ofa 30 asubuhi na 30 kuanzia saa 11:00 jioni, na kila mteja hupata mara moja kwa siku.

Duka letu la Kariakoo linaendelea kama kawaida. Karibuni sana, na asanteni kwa kutuunga mkono."

Chini yake kunafuata namba ya simu ya tawi. Skonzi za ofa za asubuhi, kwa wateja wa kwanza kabisa, zitakuwa zile zilizookwa alfajiri, na mhudumu aambiwe hivyo ili asimwahidi mtu za moto saa 12:15.

Picha nayo iandikwe maneno?

Ndiyo, machache. Mtu akipiga picha ya skrini na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, au akirusha chapisho lako kwenye stori, maelezo ya chini hayaendi nayo. Jina la bekari, "Sinza Mori, Shekilango", tarehe ya kufungua na saa za kazi vinatosha. Ofa usiiandike kwenye picha kama hutaweka na tarehe ya mwisho, kwa kuwa picha iliyokwisha sambaa hairekebishiki.

Ofa ikiisha tufanye nini na tangazo?

Usilifute, kwa sababu bado linawaonyesha watu njia. Usiku wa Ijumaa 12 Juni, baada ya kufunga, hariri maelezo kwenye Instagram na Facebook, ondoa sentensi ya skonzi za bure kwenye mstari wa kwanza, na mahali pa aya ya masharti uandike kwamba ofa ya uzinduzi ilikwisha tarehe 12 Juni 2026. Ujumbe uliosambazwa kwenye magrupu huwezi kuufikia, hivyo mwachie mhudumu wa zamu ya Jumamosi tangazo lililochapishwa na tarehe zake zikionekana wazi, ili amwonyeshe kwa upole atakayekuja na simu mkononi, na umpe ruhusa ya kumpa skonzi moja mteja huyo aliyefunga safari.